Je, wajua? Fremu zikiongezeka, folti nazo zinaweza kuongezeka

"Nina mfuatano wa maombi ya kurasa: 1, 2, 3, 4, 1, 2, 5, 1, 2, 3, 4, 5. Nikitumia FIFO kwa fremu 3 napata folti 9, kwa fremu 4 napata 10. Nimekosea wapi?"

Hujakosea popote. Namba zote mbili ni sahihi, na jambo hilo lina jina lake: hitilafu ya Belady. Laszlo Belady alikuwa mtafiti wa IBM, na mwaka 1969 yeye pamoja na Nelson na Shedler walichapisha makala iliyoonyesha kwamba mashine inaweza kupewa memori zaidi ikaishia kukimbilia diski mara nyingi zaidi.

Kwa ufupi, ili tuwe pamoja: programu hugawanywa katika kurasa, na memori hugawanywa katika fremu zenye ukubwa uleule. Ukurasa ukihitajika na haupo kwenye fremu yoyote, mfumo endeshi huufuata diskini. Safari hiyo ndiyo peji folti, nami nitaiita folti tu. Fremu zikiwa zimejaa, lazima ukurasa mmoja utoke ili mgeni apate nafasi. FIFO humtoa aliyetangulia kuingia. LRU humtoa ambaye hajaguswa kwa muda mrefu kuliko wenzake. OPT, yaani sera bora, humtoa ambaye atahitajika mwisho kabisa katika maombi yanayokuja.

Swali hili nililikuta mara ya kwanza kwenye karatasi ya mtihani, na nililikosa. Kwa fremu 3 niliandika folti 10, kwa fremu 4 nikaandika 8. Sikuwa na shaka hata kidogo, kwa sababu namba zilishuka kama nilivyotarajia: memori imeongezeka, folti zimepungua. Karatasi iliporudi, majibu yote mawili yalikuwa na alama ya mkasi. Nilihesabu upya mara tatu nikapata 10 na 8 zilezile, kwa kuwa kila mara nilirudia kosa lilelile.

Kosa lenyewe ni hili. Kila ukurasa ulipoombwa ukakutwa tayari umo, niliusogeza nyuma ya foleni, kana kwamba ndio kwanza umeingia. Nilijiambia kwamba umetumika sasa hivi, basi ni mpya. Lakini FIFO haijui habari ya kutumika. Inajua kuingia tu. Ukurasa ulioingia wa kwanza unabaki kuwa wa kwanza kutoka, hata ukiombwa mara mia hapo katikati. Nilipokuwa nikiusogeza nyuma kila ukitumika, nilikuwa nafanya LRU bila kujua. Na kweli, kwa mfuatano huu LRU inatoa 10 kwa fremu 3 na 8 kwa fremu 4, namba zangu kamili. Nilikuwa nimejibu vizuri swali ambalo sikuulizwa.

Kosa hili ni baya kuliko la kujumlisha, kwa sababu linaifuta hitilafu yenyewe. Aliyeambiwa aonyeshe kwamba folti zinaongezeka ataona zinapungua, na hatakuwa na sababu ya kurudi nyuma kukagua.

Dawa niliyoipata ni kuacha kuandika foleni upya kila safu. Chora visanduku vya fremu, weka kishale kwenye kisanduku cha kwanza. Ikitokea folti, mgeni anaingia pale kilipo kishale, na kishale kinasonga kisanduku kimoja mbele. Kikifika mwisho kinarudi mwanzo. Ukurasa ukikutwa umo, weka nukta na usiguse kitu kingine chochote. Kishale kikisonga mahali palipo na nukta, umeshapotea njia.

Ukifanya hivyo, safu zinakuwa hivi, x ikiwa folti:

```
Ombi      1 2 3 4 1 2 5 1 2 3 4 5
Fremu 3   x x x x x x x . . x x .   = 9
Fremu 4   x x x x . . x x x x x x   = 10
```

Angalia safu ya pili. Fremu 4 zinaanza vizuri: ombi la tano na la sita zinapona, wakati fremu 3 zinaangukia folti zote mbili. Halafu, kuanzia ombi la saba, fremu 4 hazipati nafuu tena hata mara moja. Kitu gani kimetokea pale kwenye 5?

Mfikirie fundi cherehani mwenye meza ndogo. Nyuzi zake zote zimo kwenye sanduku chumba cha nyuma, na mezani panakaa nyuzi chache tu. Mteja akitaka rangi isiyokuwepo mezani, fundi anainuka kuifuata. Kanuni yake ni moja: meza ikijaa, uzi uliokaa mezani muda mrefu zaidi unarudi sandukuni. Kurasa zetu ziwe rangi: 1 ni mweusi, 2 mweupe, 3 mwekundu, 4 wa buluu, 5 wa kijani.

Meza ya nyuzi tatu kwanza. Anaweka mweusi, mweupe, mwekundu. Unatakiwa wa buluu, mweusi unarudi sandukuni. Mara mweusi unatakiwa tena. Anauleta, mweupe unatoka. Mara mweupe unatakiwa. Anauleta, mwekundu unatoka. Fundi amehangaika, lakini tazama kilichobaki mezani: mweusi na mweupe ndio wageni wapya kabisa, kwa sababu ametoka kuwaleta. Unapoitwa wa kijani, anayetoka ni wa buluu. Wateja wawili wanaofuata wanataka mweusi na mweupe, na zote ziko mezani.

Sasa meza ya nyuzi nne. Mweusi, mweupe, mwekundu na wa buluu zote zinaenea. Mweusi unatakiwa, upo. Mweupe unatakiwa, upo. Fundi hakuinuka, na hilo ni jema, ila kwa kanuni yake mweusi bado ndio uliokaa muda mrefu zaidi. Wa kijani ukiitwa, mweusi unatoka. Na mteja anayefuata anataka mweusi! Anauleta, anatoa mweupe. Anayefuata anataka mweupe. Anauleta, anatoa mwekundu. Anayefuata anataka mwekundu. Hivyo hivyo kwa wa buluu, na hivyo hivyo kwa wa kijani. Kuanzia hapo kila uzi anaourudisha sandukuni ndio hasa utakaotakiwa na mteja anayefuata. Mara ya kwanza nilipoifuata safu hii kwa kidole sikuamini kwamba namba kumi na mbili tu zinatosha kujenga kitu kama hicho.

Kwa hiyo chanzo si ukubwa wa meza. Meza ndogo ilimlazimisha fundi kuleta mweusi na mweupe upya, na kuletwa upya kukawapa umri mpya. Meza kubwa iliwanusuru na safari hiyo, ikawaacha na umri wao wa zamani. Umri katika FIFO unategemea folti zilizopita, na folti zilizopita hutofautiana kulingana na idadi ya fremu, kwa hiyo foleni mbili hizo zinaachana njia. Baada ya ombi la saba, fremu 3 zina 1, 2, 5, nazo fremu 4 zina 2, 3, 4, 5. Ukurasa 1 umo kwenye memori ndogo, haumo kwenye kubwa. Ukiona hali hiyo kwenye karatasi yako, ujue hitilafu imepata mlango. Haimaanishi lazima folti zizidi mwishoni, kwani mfuatano unaweza kuisha mapema au ukageuka, lakini bila hali hiyo haiwezi kutokea kamwe.

LRU haina mlango huo. Memori ya fremu 3 chini ya LRU daima ina kurasa tatu tofauti zilizotumika karibuni zaidi; ya fremu 4 ina nne zilizotumika karibuni zaidi. Tatu hizo zimo ndani ya nne hizo, kila hatua, mfuatano uwe wowote. Kilichomo kwenye ndogo kimo kwenye kubwa, basi kubwa haiwezi kupata folti mahali ambapo ndogo imepona. Mattson na wenzake wa IBM walilieleza jambo hili mwaka 1970, na sera za namna hiyo huitwa sera za rundo. OPT nayo imo katika kundi hilo.

Hilo linakupa njia ya kujikagua kabla hujakabidhi karatasi. Folti za LRU au OPT zikiongezeka baada ya fremu kuongezwa, umekosea kuhesabu, bila mjadala. Za FIFO zikiongezeka, usifute. Pia OPT haiwezi kuzidiwa na sera yoyote kwa idadi ileile ya fremu: kwa mfuatano huu ni folti 7 kwa fremu 3 na 6 kwa fremu 4. Na hakuna sera inayoweza kushuka chini ya 5, maana kuna kurasa tano tofauti na kila moja lazima iingie angalau mara moja, endapo memori ilianza tupu na folti za mwanzo zinahesabiwa. Soma swali vizuri hapo, maana wapo watahini wanaotaka kuhesabu baada tu ya fremu kujaa.

Usijikague kwa kudhani LRU lazima iishinde FIFO. Hapa kwa fremu 3 FIFO imepata 9 na LRU 10.

Kwa OPT, weka kidole kwenye ombi ulilofikia, usome kwenda kulia; unayemkuta mwisho ndiye anayetoka. Kwa LRU, soma kwenda kushoto kwa namna ileile. Katika OPT wawili wanaweza kufungana ikiwa wote hawatahitajika tena. Kwenye mfuatano wetu wenye fremu 3, ukurasa 3 unapoitwa mara ya pili, 1 na 2 hazina kazi tena. Toa yeyote, idadi ya folti haibadiliki. Andika tu pembeni umechagua kwa kanuni gani, ili msahihishaji mwenye jedwali tofauti aone kwamba hamjapingana.

OPT haiwezi kuendeshwa kwenye mashine halisi, kwa kuwa mfumo endeshi hauoni maombi ya kesho. Belady aliieleza mwaka 1966 kama kipimo cha kulinganishia sera nyingine. LRU kamili nayo ni ghali, kwani ingetaka kuandika kumbukumbu ya kila mguso. Kwa hiyo mifumo mingi hutumia makadirio, kwa mfano saa: kile kishale cha FIFO, pamoja na biti moja kwa kila fremu inayowashwa ukurasa ukiguswa. Kishale kikikuta biti inawaka, kinaizima na kumpisha mwenyewe. Kikikuta imezimwa, kinamtoa. Ukiulizwa saa mtihanini, basi kuguswa kuna uzito, ila bado kishale hakisongi mpaka folti itokee. Na biti zote zikiwa zinawaka, kishale kinazunguka duara zima na kumtoa yuleyule ambaye FIFO ingemtoa.