Titi likichipuka, hedhi iko mbali kiasi gani?

Mama wengi wa Nairobi huanza kujiandaa siku wanapomwona binti ana chunusi, au anaanza kununa bila sababu. Dalili hizo hazina tarehe. Dalili yenye tarehe ni chipukizi la titi, na ukijua siku lilipoanza unaweza kukadiria hedhi ya kwanza bila kupiga ramli.

Chipukizi lenyewe ni kifundo kigumu kidogo, bapa kama kifungo cha shati, kinachokaa moja kwa moja chini ya chuchu. Mara nyingi mtoto ndiye hukigundua kwanza, kwa sababu kinauma akigongwa na mkoba wa shule au akilala kifudifudi. Kwa wasichana wengi hutokea kati ya miaka 8 na 13, na wengi wao wakiwa na takriban miaka 10, yaani Gredi ya 4 au ya 5.

Kinachowatisha wazazi ni kwamba kifundo hicho hupenda kuanza upande mmoja. Titi la kushoto linatoka, la kulia liko kimya, na huenda likakaa hivyo miezi kadhaa, hata sita, kabla ya mwenzake kuamka. Hiyo si saratani wala jipu. Kisikandwe kwa maji moto, kisiminywe, na mtu yeyote asikubali kichanjwe au kikatwe. Tishu ile ndogo ndiyo titi zima la baadaye. Ikiondolewa, upande huo hautaota tena. Kinachofaa kumpeleka hospitali haraka ni wekundu, joto, usaha au homa, au kifundo kilicho kando, mbali na chuchu.

Kwa nini titi ndilo saa, na si nywele? Kwa sababu vinatoka kwenye viwanda viwili. Titi hukuzwa na estrojeni ya ovari, na ovari huamka zikipokea amri kutoka tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. Nywele za kinena na za kwapa, jasho lenye harufu na mafuta ya ngozi huchochewa zaidi na tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Viwanda hivyo viwili hufunguliwa karibu wakati mmoja, lakini havipokei amri moja. Kwa kawaida nywele hufuata titi kwa miezi michache. Kwa wasichana wachache hutangulia, na hilo si kasoro, mradi umri umefika. Ila zikitangulia, usianze kuhesabu hadi titi lichipuke.

Hesabu yenyewe ni hii: kutoka chipukizi hadi hedhi ya kwanza ni takriban miaka miwili hadi miwili na nusu. Aliyeanza mapema, mathalani akiwa na miaka 8 na nusu, huchukua muda mrefu zaidi, pengine karibu mitatu. Aliyechelewa hadi miaka 12 au 13 hukimbia, na huenda akafika chini ya miwili. Ndiyo maana wasichana wa darasa moja walioachana sana mwanzoni hukaribiana mwishoni.

Katikati ya safari hiyo kuna kurefuka, na hapa kipimo cha nyumbani kinasaidia kuliko macho. Chukua mfano wa msichana wa Umoja ambaye kifundo kilionekana akiwa na miaka 10 na miezi miwili. Mama anamsimamisha bila viatu, visigino ukutani, anaweka kitabu kigumu bapa juu ya kichwa na kuchora alama ya penseli na tarehe kwenye fremu ya mlango: sentimita 136. Kabla ya hapo alikuwa akiongeza kama tano au sita kwa mwaka. Mwaka unaofuata anaongeza saba, anafika 143. Ule wa pili anaongeza nane, anafika 151. Viatu vya shule vinambana kabla sketi haijawa fupi, maana miguu hutangulia mwili. Karibu na miaka 12 anaanza kuona ute mweupe au wa maji kwenye chupi, usiowasha wala kunuka. Ute huo ni kazi ya estrojeni ukeni, na huonekana miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya damu. Huu ndio wakati wa kumwekea sodo mbili na chupi safi ndani ya mkoba, na kumwonyesha namna ya kuzibandika. Ukiangalia alama za mlangoni utaona pia kwamba kasi ya kurefuka imeanza kupungua. Akiwa na miaka 12 na nusu, kimo chake kikiwa 153, anavunja ungo. Baada ya hapo ataongeza sentimita tano hadi saba hivi, basi. Mama anayengoja binti avunje ungo ndipo arefuke amekwisha kupitwa na gari.

Damu ya kwanza mara nyingi si nyekundu. Huwa doa la kahawia ambalo mtoto hudhani ni uchafu, kisha linapotea siku mbili tatu. Hedhi inayofuata inaweza kuja baada ya wiki tatu au baada ya wiki sita. Katika miaka miwili ya mwanzo ovari nyingi bado hazitoi yai kila mwezi, kwa hiyo mzunguko wa siku 21 hadi 45 unakubalika. Usikubali damu inayozidi siku saba, au inayolowesha sodo nzima kwa saa moja au mbili mfululizo, au kunyamaza kwa zaidi ya miezi mitatu baada ya kuanza. Anayetokwa na damu nyingi apimwe kiwango cha hemoglobini, kwani upungufu wa damu huingia polepole, naye huzoea kuhisi kizunguzungu.

Mipaka ya umri ni mitatu. Titi likichipuka kabla ya miaka 8, mtoto aonwe na daktari, kwani mifupa inaweza kufunga mapema na akabaki mfupi. Likiwa halijachipuka akitimiza miaka 13, aonwe vilevile. Njaa ya muda mrefu, selimundu na magonjwa mengine ya kudumu huchelewesha. Na hedhi ikiwa haijaja akitimiza miaka 15, au miaka mitatu imepita tangu titi lichipuke, usingoje zaidi. Hapa ndipo tarehe iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango inapomsaidia daktari, kwa sababu "imepita kama miaka kadhaa hivi" haimwambii kitu.

Kuna hali moja inayofichika nyumbani. Msichana ana titi lililokomaa, ana miaka 13 au 14, damu hajaiona, lakini kila mwezi anaumwa tumbo la chini kwa siku mbili tatu, kisha linatulia. Pengine anapata shida ya kukojoa. Hapo yawezekana hedhi imekwisha kuanza, ila mlango wa uke umezibwa na utando aliozaliwa nao, na damu inajikusanya ndani. Dawa za minyoo na za vidonda vya tumbo hazitamsaidia. Anahitaji uchunguzi na picha ya ultrasaundi, na upasuaji mdogo humaliza tatizo. Ukimpeleka kliniki, taja kwanza kwamba maumivu hurudi kila mwezi, na utaje tarehe zake.