Je, wajua kwa nini sindano ya kiharusi ina saa yake?

"Baba alipooza upande mmoja asubuhi, tukamfikisha hospitali alasiri. Daktari akasema dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ipo, ila muda umepita. Dawa ikiwa ipo, inapitwaje na muda?"

Dawa yenyewe haichakai. Kinachokwisha ni ubongo uliobaki wa kuokolewa.

Donge la damu likiziba mshipa wa ubongo, seli zilizo katikati ya eneo lile hufa ndani ya dakika chache. Pembezoni mwake hali ni nyingine. Mishipa jirani huendelea kupenyeza damu kidogo, ya kutosha kuziweka seli hai lakini isiyotosha kuzifanya zifanye kazi. Ndiyo maana mkono wote unalegea na ulimi unakuwa mzito ilhali sehemu kubwa ya ubongo unaouendesha mkono huo bado haijafa. Ukingo huo ndio daktari anaoukimbilia. Kadiri saa zinavyokwenda, kifo kinasogea kutoka katikati kuelekea nje, mpaka ukingo unaisha.

Dawa iliyozoeleka ni alteplesi. Ikiingia mwilini huamsha kimeng'enya kiitwacho plazmini, nacho hukata nyuzi za faibrini zinazolishikilia donge. Ubaya ni kwamba haichagui. Kidonda cha tumbo kilichoziba juzi, au mshipa mdogo wa ubongo uliochanika na kujiziba wenyewe, vyote vinaweza kufunguka. Na ndani ya eneo lililokwisha kufa, kuta za mishipa nazo zimeoza. Ni kama mfereji wa udongo shambani uliokaa mkavu muda mrefu: kingo zimepasuka, na siku ukifungulia maji kwa nguvu, yanatokea pembeni.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, ndio ulioifungulia njia dawa hii, ulionyesha pande zote mbili bila kuficha. Wagonjwa walichomwa ndani ya saa tatu. Miezi mitatu baadaye, 39 katika kila 100 walikuwa hawana ulemavu au wana kidogo sana, dhidi ya 26 katika kila 100 waliopewa dawa bandia. Lakini waliovuja damu kichwani kiasi cha kuzidiwa walikuwa takriban sita katika kila 100, wakati kwa wenzao hakufika hata mmoja. Hata hivyo vifo kwa jumla havikuongezeka.

Hapa watu wengi hukosea, hata baadhi yetu wa sekta ya afya. Hudhani kikomo cha kuchoma dawa, saa nne na nusu tangu kiharusi kianze, kiliwekwa kwa sababu baada ya hapo dawa inageuka sumu. Tafiti kubwa zilipokusanywa pamoja, hatari ya kuvuja damu kutokana na dawa ilionekana kuwa karibu ileile, uchomwe mapema au kwa kuchelewa. Iliyoporomoka ni faida. Kwa kila wagonjwa 100 waliochomwa ndani ya saa tatu, takriban kumi zaidi walipona vizuri kuliko wasiochomwa. Kati ya saa tatu na nne na nusu, watano. Baada ya hapo, wawili, na hao wawili huenda ni bahati tu. Daktari hawezi kumwingiza mtu kwenye hatari ileile kwa faida ambayo hana hakika kama ipo.

Tuchukue mgonjwa wa mfano, mzee wa miaka 62, kilo 70. Mkewe alimwacha akinywa chai saa moja na nusu asubuhi, akamkuta sakafuni saa mbili na robo. Saa inaanza kuhesabiwa wapi? Saa moja na nusu, yaani mara ya mwisho alipoonekana mzima. Muda wake unaisha saa sita kamili mchana.

Anafika saa tatu na nusu. Kwanza anatobolewa kidole kupima sukari, kwa sababu sukari ikishuka sana mtu anaweza kupooza upande mmoja kama mwenye kiharusi kabisa. Kisha kipimo cha CT cha kichwa. Kipimo hiki mara nyingi hakionyeshi kiharusi kipya cha kuziba. Kazi yake kubwa ni kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Kwa macho tu hakuna daktari anayeweza kutofautisha mshipa ulioziba na uliopasuka, na ndiyo sababu kumpa mgonjwa aspirini nyumbani ni kucheza kamari.

Picha haina damu, lakini presha ni 200/112. Lazima ishushwe chini ya 185/110 kabla ya sindano. Inashuka. Dozi ni miligramu 0.9 kwa kila kilo, kwa hiyo miligramu 63, na hata mtu awe mzito vipi haizidi 90. Sehemu moja ya kumi, miligramu 6.3, inasukumwa kwa dakika moja, na 56.7 zinapitishwa taratibu kwa saa moja. Ni saa nne na dakika kumi asubuhi. Siku hizi sehemu nyingi hutumia tenekteplesi, robo ya miligramu kwa kila kilo, kwa sindano moja tu.

Saa 24 zinazofuata ni za kukodoa macho. Presha isifike 180/105, na kwa saa mbili za mwanzo inapimwa kila robo saa. Akilalamika kichwa kinapasuka, akitapika, presha ikipanda ghafla au akianza kusinzia, dripu inasimamishwa hapohapo na anarudishwa kwenye CT. Aspirini inasubiri mpaka picha ya siku ya pili ithibitishe hakuna damu.

Sasa, donge likiwa kubwa na limekaa kwenye mshipa mkubwa, dawa peke yake mara nyingi inashindwa. Hapo linavutwa. Mpira mwembamba unaingizwa kwenye mshipa wa kinena au wa mkono, unapandishwa mpaka ubongoni, kisha wavu mdogo wa waya unafunguka ndani ya donge na kutoka nalo, au linafyonzwa. Tafiti tano za mwaka 2015 zilithibitisha kazi hii, hasa ndani ya saa sita. Mwaka 2018 utafiti wa DAWN ukaenda mbali zaidi: uliwachukua wagonjwa wa kati ya saa 6 na 24 ambao picha zilionyesha sehemu iliyokufa ni ndogo kuliko ulemavu wao ulivyo. Waliovutwa donge, 49 katika kila 100 waliweza kujitegemea, wasiovutwa, 13. Madaktari wale hawakuishia kwenye saa, waliangalia ukingo wenyewe kama bado upo. Kazi hii pia inaweza kumfaa anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambaye kipimo chake cha kuganda kwa damu, INR, kikizidi 1.7 sindano anakataliwa. Tatizo la huku kwetu ni kwamba hospitali zenye mitambo na wataalamu wa kuvuta donge ni chache, na ziko miji mikubwa.

Na yule aliyelala saa nne usiku akiwa mzima, akaamka saa kumi na mbili asubuhi amepooza? Kwa hesabu, ana saa nane, amechelewa. Lakini huenda kiharusi kilimpata saa kumi na moja alfajiri. Kipimo cha MRI kinaweza kusema: aina moja ya picha huonyesha jeraha ndani ya dakika chache, nyingine huchukua saa kadhaa kulionyesha. Picha ya kwanza ikilionyesha na ya pili bado, kuna uwezekano mkubwa kwamba hazijapita saa nne na nusu, na anaweza kuchomwa.