"Nje" siyo nchi: kuhusu ile CV ya ukurasa mmoja

Wiki hii imeingia nyingine. PDF ya kurasa saba, saa tano usiku, na chini yake ujumbe: "Shikamoo dada, naomba unipunguzie hii iwe ukurasa mmoja, si unajua CV za nje."

Sijui. Miaka tisa nimechuja maombi ya kazi za uhasibu na maghala hapa Birmingham, na sijawahi kuona tangazo kutoka nchi inayoitwa Nje. Hapa Uingereza mtu mwenye uzoefu wa miaka sita huleta kurasa mbili. Ukurasa mmoja ni desturi ya Marekani, hasa kwa aliyetoka chuo juzi. Dubai ni kawaida kuweka picha, uraia na aina ya viza uliyonayo. Ujerumani nitairudia, maana ina mambo yake.

Kabla hujakata chochote, jua kwanza kurasa saba zimetoka wapi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kule nyumbani Tanzania yanataka "maelezo binafsi yanayojitosheleza", wadhamini watatu wa kuaminika, vyeti vilivyothibitishwa na picha ya pasipoti. Msomaji wa pale anataka vithibitisho mezani tangu siku ya kwanza. Mtu aliyelelewa na matangazo hayo akiniletea ukurasa wa jalada, shule ya msingi, semina ya siku mbili na tamko lenye sahihi, kafuata maelekezo vizuri tu. Hapa utaratibu umepinduliwa: wanachagua kwanza, kuhakiki kunakuja wakishaamua kukuchukua. Kwa hiyo vya kuhakikiwa vinasubiri, na kurasa mbili zinabaki na swali moja: kazi hii unaiweza?

Picha, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa: toa. Sheria ya Usawa ya 2010 haikukatazi wewe kuviweka. Ila mwajiri hataki kesho aambiwe alikukataa kwa umri au rangi yako, na ukimwonyesha hivyo vitu unampa mzigo ambao hakuuomba.

Wadhamini nao watoke kwenye CV, ila usiwasahau, maana hapo ndipo wengi wanaangukia baadaye. Nyumbani mdhamini ni mtu mzito: mchungaji, mhadhiri, mjomba aliyewahi kuwa mkurugenzi. Hapa wanamtaka bosi wako wa mwisho au ofisi ya rasilimali watu, na mara nyingi jibu linalotakiwa ni kavu kabisa: alifanya kazi hapa, cheo hiki, tangu lini hadi lini. Barua pepe iwe ya kampuni. Ya gmail inazua maswali hata kama mwenye nayo ni mwaminifu kuliko sisi sote. Shida ni kwamba ofisi zetu nyingi hazijibu barua pepe za wageni, na nimeona mtu akikaa wiki tano na ajira mkononi isiyoanza, kisa jibu la mistari miwili. Mpigie mhusika wa ofisi yako kabla, mwambie barua inakuja, mwombe aangalie hadi kwenye kapu la barua taka.

Sasa tuje panaponikera.

Huyu kijana wa kurasa saba ni mhasibu wa msambazaji wa vinywaji Dar es Salaam. Chini ya kazi yake kaandika: "Kufanya usuluhishi wa benki. Kuandaa taarifa za mwezi. Kazi nyingine kadiri nitakavyopangiwa na msimamizi." Mstari wa tatu ndio unaomwumbua: ameinakili barua yake ya ajira. Barua hiyo inaeleza kiti. Aliyekikalia haonekani, na hata mhasibu mbovu kuliko wote Kariakoo anaweza kuandika mistari hiyohiyo.

Nikampigia simu. Akaunti za benki ngapi? Sita. Mwezi mnaufunga lini? "Siku hizi tarehe nane, zamani ilikuwa kumi na tano." Nani kapunguza hizo siku? Kimya kidogo. "Tulishirikiana, dada." Nikamminya. Ikaja kujulikana maghala manne yalikuwa yakileta hati za mauzo mara moja kwa wiki, kwa bodaboda. Yeye ndiye aliyetengeneza jedwali la Excel, akawafundisha makarani kujaza kila jioni, akalumbana na meneja wa ghala miezi miwili mpaka likakubalika. Na hiyo haikuwemo popote kwenye kurasa saba, ila "Cheti cha kushiriki semina ya ujasiriamali" kilikuwemo.

Mstari wake sasa unasomeka hivi: "Nilirudisha ufungaji wa hesabu za mwezi kutoka tarehe 15 hadi tarehe 8, kwa akaunti 6 za benki, baada ya kuyahamisha maghala 4 kutoka hati za wiki hadi jedwali la kila siku." Kwa Kiingereza hiyo "mimi" hudondoshwa na mstari unaanza na kitendo chenyewe kwa wakati uliopita. Na kwa sababu hakuna mtu Leeds anayeijua kampuni yake, tukaweka maneno machache chini ya jina: msambazaji wa vinywaji, wafanyakazi 60. Thamani ya mauzo kwa shilingi tuliiacha. Mabilioni yetu yanamchanganya msomaji, na akishabadilisha kuwa pauni hushuka moyo.

Hiyo "tulishirikiana" ndiyo ngumu. Tumefundishwa kwamba anayesema "nilifanya" anajisifu, na sidhani malezi hayo ni mabaya. Lakini msomaji wa hapa akiona "tulifanya" anajiuliza wewe ulikuwa wapi. Ninachowaambia ni hiki: taja timu kwa idadi, kisha sehemu yako. "Katika timu ya watu 3, nilisimamia malipo ya wasambazaji." Hujadanganya na hujamfuta mwenzako.

Ila wengine wakishasikia habari za matokeo wanarukia upande wa pili. Kijana huyuhuyu akanirudishia rasimu yenye "niliongeza ufanisi kwa 47%." Asilimia arobaini na saba ya nini, baba? Akacheka, akakiri kaiona mtandaoni. Kwenye usaili hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa, na namba isiyo na mwanzo wala mwisho itakuvunjia hata zile za kweli. Siku 15 kwenda 8 unaweza kuieleza usingizini.

Ujerumani, kama nilivyoahidi. Tangu sheria yao ya mwaka 2006 dhidi ya ubaguzi, waajiri wamekuwa wakiepuka kudai picha, lakini wengi bado wanaweka, ya studio na suti. CV ni jedwali lenye tarehe bila mapengo, na kimila unaweka mji, tarehe na sahihi mwishoni. Wanapenda pia barua ya mwajiri wa zamani inayotathmini kazi yako. Je, Mtanzania aweke picha? Nimewahi kushauri aweke, nimewahi kushauri asiweke, na katika yote mawili nilijisikia kama ninabahatisha.

Na kuna jambo ambalo wauzaji wa "CV za kimataifa" hawalisemi. Kwa mtu anayeomba kutoka Dar, ukimya mwingi hautokani na CV. Mwajiri wa Uingereza lazima awe na leseni ya kudhamini viza, na orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya GOV.UK. Kama kampuni haimo, hata mistari yangu mizuri haitamsaidia mtu. Kijana aliomba kampuni 40 kabla hajanijia. Tulipozipitisha kwenye orodha zikabaki 11.

Jana kaandika tena. Kaona nafasi Hamburg, anauliza kama nimehifadhi ile picha yake ya pasipoti niliyoitoa.

Ina pazia jekundu nyuma. Nimemwambia arudi studio.