Beta haipimi hisa inayumba kiasi gani

Kuna sentensi inayorudi kila mara watu wanapozungumzia hisa: "Hii hupanda na kushuka ovyo, kwa hiyo beta yake ni kubwa." Husemwa na wachambuzi, husemwa na madalali, na wakati mwingine huandikwa kwenye ripoti ambayo mtu ataitegemea kuamua aweke fedha zake wapi. Nusu ya kwanza inaweza kuwa kweli kabisa. Ni lile "kwa hiyo" ndilo halina msingi, na likishapita, kila hesabu inayofuata inakuwa imepinda.

Ufafanuzi wenyewe ni mfupi. Beta ni namba inayoonyesha mapato ya hisa husogea kiasi gani, kwa wastani, soko zima linaposogea kwa asilimia 1. Beta ikiwa 1, hisa husogea sawa na soko, ikiwa 0.5, husogea nusu yake. Modeli ya CAPM huichukua namba hiyo na kukadiria mapato ambayo mwekezaji anapaswa kuyatarajia kwa kushika hisa hiyo:

```
E(Ri) = Rf + βi × (E(Rm) − Rf)
```

Rf ni riba isiyo na hatari, na kwa kawaida huchukuliwa ile ya dhamana za serikali. E(Rm) ni mapato yanayotarajiwa ya soko zima. Tofauti ya hivyo viwili ni ziada anayopata mtu kwa kukubali kubeba hatari ya soko badala ya kukaa kwenye dhamana. Hiyo ndiyo modeli nzima, na mkanganyiko unaanzia kwenye beta inavyopatikana:

```
βi = uhusiano × (σi / σm)
```

Hapa σi ni kipimo cha kuyumba kwa hisa, yaani mkengeuko sanifu wa mapato yake, na σm ni kipimo hichohicho kwa soko. "Uhusiano" ni namba kati ya −1 na 1 inayoonyesha hisa na soko hufuatana kwa kiasi gani. Anayesema hisa inayumba sana amekwisha kuitazama σi. Uhusiano bado hajautazama, na bila huo hana beta.

Tuchukue kampuni mbili za mfano katika soko ambalo mkengeuko wake kwa mwaka ni asilimia 20. Kampuni A inatafiti dawa mpya, na bei ya hisa zake hutegemea majaribio kufaulu au kushindwa. Mkengeuko wake ni asilimia 60, lakini matokeo ya maabara hayangojei uchumi ukue au ulegee, kwa hiyo uhusiano wake na soko ni 0.2 tu. Kampuni B ni benki. Mkengeuko wake ni asilimia 25, na uhusiano ni 0.8, kwa kuwa biashara zikiyumba, mikopo nayo huanza kuchelewa kulipwa.

Beta ya A ni 0.2 × 60 / 20, yaani 0.6. Beta ya B ni 0.8 × 25 / 20, yaani 1. Tukichukua riba isiyo na hatari kuwa asilimia 4 na ziada ya soko kuwa asilimia 6, CAPM inasema mwekezaji adai asilimia 7.6 kwa A na asilimia 10 kwa B. Hisa inayoyumba zaidi ya mara mbili ya mwenzake ndiyo inayodaiwa mapato madogo.

Wengi wakifika hapa hudhani kuna kosa la hesabu. Hakuna. Mtikisiko wa A una sehemu mbili: ile inayotoka kwa soko, ambayo ni 0.6 × 20, yaani asilimia 12, na ile inayotoka ndani ya kampuni yenyewe, ambayo ni karibu asilimia 58.8. (Sehemu hizi hazijumlishwi moja kwa moja, hujumlishwa kwa miraba yake, ndiyo maana jumla inabaki 60.) Sasa tuseme mtu ameshika kampuni 100 za aina ya A kwa viwango sawa, kila moja na dawa yake, na kufaulu kwa moja hakuhusiani na kufaulu kwa nyingine. Mitikisiko ya ndani huanza kumezana: mmoja akianguka, mwingine anapanda, na asilimia 58.8 hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha 100, ikabaki karibu 5.9. Ile 12 inayotoka kwa soko haipungui hata kidogo, kwa sababu huzigusa zote kwa pamoja. Mkengeuko wa kapu zima unakuwa karibu asilimia 13.4.

Fanya hivyohivyo kwa benki 100 za aina ya B, ukichukulia pia kwamba mambo ya ndani ya kila moja hayahusiani na ya nyingine. Mtikisiko wake wa ndani ni asilimia 15, nao unashuka hadi 1.5. Ila sehemu ya soko ni asilimia 20, na hiyo inabaki palepale. Kapu la hisa zilizoonekana tulivu linayumba kwa asilimia 20, na kapu la hisa zilizoonekana za kutisha kwa asilimia 13.4. Beta ilikuwa imeshalionyesha hilo tangu tulipokuwa na hisa moja moja mkononi, ilhali mkengeuko ulituonyesha kinyume chake.

Hii ndiyo hoja iliyoizaa modeli. Mwaka 1952 Harry Markowitz alionyesha kwamba hatari ya hisa ipimwe kwa mchango wake katika kapu zima. William Sharpe aliijenga CAPM juu ya wazo hilo mwaka 1964, na John Lintner na Jan Mossin walichapisha kazi zilizofika palepale mwaka 1965 na 1966. Jack Treynor alikuwa ameshaliandika wazo hilo kabla yao katika karatasi ambazo hazikuchapishwa wakati huo. Mwaka 1990 Sharpe na Markowitz walipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na Merton Miller.

Na kwa nini soko lisimlipe anayeshika A peke yake kwa hofu yote anayobeba? Kwa sababu bei haipangwi na yeye peke yake. Tuseme bei ya A ni ya chini kiasi cha kuahidi asilimia 15. Wenye makapu mapana, ambao kwao mtikisiko wa ndani wa A umeshamezwa, wataona hiyo ni bei ya kutupa na wataikimbilia. Bei itapanda, na anayenunua kwa bei ya juu hubakiwa na mapato madogo yanayotarajiwa, hadi yakaribie ile 7.6. Anayeshika hisa moja tu anabeba hatari ambayo wenzake wameiondoa bila gharama, na hakuna mnunuzi wa kumfidia.

Kosa la pili linafuatana na la kwanza. Mtu anasoma beta kwenye jedwali, anaikuta 0.6, naye anaichukua kama urefu uliopimwa kwa rula. Beta hukadiriwa, mara nyingi kwa mapato ya miezi 60 ya hisa na ya fahirisi ya soko. Kwenye jedwali la kompyuta ni mstari mmoja, ikiwa safu ya A ina mapato ya soko na safu ya B mapato ya hisa:

```
=SLOPE(B2:B61,A2:A61)
```

Hisa hutangulia, soko hufuata. Ukizigeuza, kampuni yetu A itatoa karibu 0.07 badala ya 0.6, na jedwali halitakuonya. Na yawe mapato ya kila mwezi, yaani mabadiliko ya bei pamoja na gawio, siyo bei zenyewe.

Sasa tazama kinachofanywa na ule mtikisiko wa ndani. Hauingii kwenye beta, ila huichafua tunapoikadiria. Kwa miezi 60, kosa sanifu la beta ya A, yaani kipimo cha kiasi ambacho makadirio yanaweza kupotoka, ni 58.8 ikigawanywa kwa 20 na kwa kipeuo cha pili cha 60, yaani karibu 0.38. Beta ya kweli inaweza kuwa popote kati ya −0.15 na 1.35 hivi, na mapato ya kudai popote kati ya asilimia 3 na 12. Kwa B kosa hilo ni karibu 0.1 tu. Ndiyo maana wachambuzi wengi huisogeza beta waliyoikadiria kuelekea 1, wakichukua theluthi mbili za beta hiyo na kuongeza theluthi moja, kwa kufuata kazi ya Marshall Blume ya miaka ya 1970. Kwa A hiyo inatoa karibu 0.73, na mapato ya asilimia 8.4.

Kuna pia beta ndogo ya uongo. Hisa isiyouzwa kwa wiki kadhaa hubaki na bei yake ya zamani huku soko likiendelea kusogea, kwa hiyo uhusiano huonekana mdogo na beta hushuka. Dalili zake ni mapato mengi ya sifuri kwenye safu ya hisa, na beta ya kila wiki kuwa ndogo waziwazi kuliko ya kila mwezi. Ukiona hivyo, usiseme hisa ni salama; bei yake haijapata nafasi ya kusema chochote.

Modeli yenyewe ina mipaka yake. Mwaka 1972 Fischer Black, Michael Jensen na Myron Scholes walionyesha kwamba katika soko la hisa la Marekani hisa za beta ndogo zililipa zaidi ya modeli ilivyodai, na za beta kubwa zililipa pungufu. Mwaka 1992 Eugene Fama na Kenneth French waliona kwamba beta peke yake ilieleza kidogo sana tofauti za mapato kati ya hisa na hisa. Hoja ya kwamba mtikisiko wa ndani humezwa na kapu haikuguswa na matokeo hayo. Kilichotikiswa ni dai kwamba beta inatosha kueleza kila kinacholipwa.

Kwa hiyo, ndugu mchambuzi, hisa ikiyumba sana andika kwamba mkengeuko wake ni mkubwa, ukomee hapo mpaka uwe umeupima uhusiano wake na soko. Ukiitaja beta, taja na fahirisi uliyotumia, kipindi chake na kosa lake sanifu. Na pale ripoti inaposema "CAPM inaonyesha hisa hii itatoa asilimia 10", badilisha kitenzi: mwekezaji anapaswa kudai asilimia 10 kabla ya kuinunua. Hisa itatoa nini, fomula hiyo haijadai kujua.