Ukurasa mmoja wa kuchangisha ukoo: dhana tatu na tangi la Uru

Desemba watu wa Moshi hurudi nyumbani, na ndipo kamati za ukoo huchangisha. Kamati yetu ilikuwa na kazi moja: tangi la lita 10,000 la kuvuna maji ya mvua kwenye paa la shule ya msingi kijijini, Uru. Mchanganuo ulifika shilingi 4,800,000, ikiwemo 400,000 ya dharura. Ombi la michango tuliliandika kwenye ukurasa mmoja, na hizi ni dhana tatu potofu kuuhusu.

Dhana: Ukurasa uanze na historia ya ukoo.
Historia wanaijua, na babu ataisimulia tu, hata msipompa nafasi. Mstari wa kwanza uwe ombi lenyewe: tunataka nini, wapi, shilingi ngapi, hadi lini. Chini yake weka mchanganuo wa mistari mitano: tangi, usafiri wa kulipandisha mlimani, jukwaa la zege, gata na koki pamoja na fundi, kisha dharura. Usafiri na dharura visifichwe ndani ya bei ya tangi. Yupo binamu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, naye atauliza bei ya tangi mbele ya watu wote.

Dhana: Gawa sawa kwa sawa, ndiyo haki.
Kaya zetu ni 24, hivyo kila moja ingetoa 200,000. Hesabu inapendeza, lakini shangazi anayeishi kwa ndizi na maziwa ya ng'ombe mmoja atanyamaza, na aliye na uwezo wa 500,000 atatoa 200,000 na kujiona amemaliza. Tuliandika ngazi: kaya 4 za 500,000, kaya 8 za 200,000, kaya 12 za 100,000. Jumla ni ileile 4,800,000. Majina hatukuyaweka. Kila mtu alijipanga mwenyewe, na swali la "sasa mimi nitoe ngapi?" halikuulizwa tena. Kwa asiye na fedha tuliweka mstari wa nguvu kazi: kubeba mchanga na kokoto.

Dhana: Ahadi ni fedha.
Hapa ndipo tulipoumia. Siku ya kikao ahadi zilifika 3,900,000, watu wakapiga makofi, nasi tukamwita fundi wa jukwaa wiki ileile. Hadi mwisho wa Januari taslimu ilikuwa 2,650,000. Jukwaa lilikamilika, fedha za tangi hazikutosha, na masika yakaanza Machi zege likiwa tupu, maji ya paa yakimwagika uwanjani. Tangi lilipanda mwezi wa tano, mvua zikielekea ukingoni.

Ukurasa wetu wa sasa una safu mbili, "ahadi" na "taslimu", na tarehe ya mwisho ya kila ahadi. Chini kabisa pana mistari miwili. Wa kwanza ni namba ya akaunti ya kikundi, ambayo mweka hazina hawezi kutoa fedha peke yake. Wa pili unasema: fundi haitwi kabla ya taslimu kufika 4,400,000.