Mche umepinda kuelekea dirishani: unaumwa au una afya? Maswali na majibu

Miche yangu ya maharage iko kwenye trei karibu na dirisha, na yote imelalia upande mmoja. Imepata ugonjwa?

Kama yote imeelekea dirishani, shina lake ni gumu ukiligusa na lina rangi moja toka juu hadi chini, haina ugonjwa. Ugonjwa wa kuhofia katika umri huo ni kinyausi, na dalili zake hazifanani na hizi. Mche wenye kinyausi hunywea pale shina linapotoka udongoni, kana kwamba mtu amelifunga uzi akalikaza. Sehemu hiyo huwa kahawia na yenye majimaji, kisha mche huanguka, huu kulia na ule kushoto, bila kujali dirisha liko wapi.

Ukibaki na wasiwasi, geuza trei nusu mzunguko asubuhi. Kufikia jioni, au kesho yake kama miche inakua polepole, ncha zitakuwa zimeanza kurudi dirishani na shina limepata umbo la herufi S. Kipande cha chini kinaweza kubaki kimepinda kule kwa zamani, kwa sababu kimeshakomaa na hakirefuki tena. Mche unaooza hauwezi kufanya hivyo.

Msichanganye kupinda na kurefuka kama uzi. Mche mwembamba, mrefu na uliopauka unapata mwanga mdogo mno. Mche uliopinda tu unapata mwanga wa kutosha, ila unatoka upande mmoja.

Mmea hauna misuli. Unajipinda kwa nguvu gani?

Kwa kukua bila usawa. Seli za upande wa kivuli hurefuka kuliko za upande wa mwanga, na shina halina budi kukunjia upande mfupi. Fundi cherehani analijua hili: ukishona pamoja vipande viwili vya kitambaa ambavyo kimoja ni kirefu kidogo, pindo linajikunja lenyewe kuelekea kile kifupi.

Unaweza kuliona kwa macho. Niliwahi kutia vidoti vya wino pande mbili za shina changa, kila baada ya milimita 2, nikauacha mche upigwe na mwanga wa upande mmoja. Baada ya saa kadhaa vidoti vya upande wa kivuli vilikuwa vimeachana waziwazi, na vya upande wa mwanga vilisogea kidogo tu. Hakukuwa na seli mpya za kutosha kueleza tofauti hiyo. Ni seli zilezile, zimevutika.

Shuleni niliambiwa jua linaiua auksini, homoni ya ukuaji ya mmea, upande wake, ndiyo maana upande wa kivuli unakua zaidi. Ni kweli?

Sehemu ya pili ni kweli. Ya kwanza ndiyo yenye kasoro, na namna ilivyogunduliwa inastahili kusimuliwa taratibu.

Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha majaribio yao kwenye miche ya nyasi. Mche wa nyasi au nafaka hutoka ardhini ukiwa ndani ya ala, yaani mrija laini uliofungwa juu, unaokinga jani la kwanza. Walipoifunika ncha ya ala kwa kikofia kisichopitisha mwanga, mche haukupinda. Walipoiacha ncha wazi wakaifunika sehemu ya chini, ulipinda kama kawaida. Ajabu ni kwamba mahali panapopinda ni chini ya ncha. Basi ncha huuona mwanga, halafu kuna kitu kinachoshuka kupeleka habari.

Mdenimaki Peter Boysen Jensen alikuja kuonyesha mwanzoni mwa miaka ya 1910 kwamba habari hiyo hupita kwenye kipande cha jelatini kilichowekwa kati ya ncha na kisiki, lakini haipiti kwenye kijikaratasi cha maika, madini yasiyopitisha maji. Kwa hiyo ni kemikali inayoyeyuka. Kisha Mholanzi Frits Went, katika miaka ya 1926 hadi 1928, alizikata ncha za miche ya nafaka iitwayo oti, akaziweka juu ya vipande vya aga, yaani jeli itokanayo na mwani, ili kemikali ishukie humo. Kipande hicho cha aga, bila ncha yoyote, alikibandika upande mmoja wa kisiki cha mche gizani, na kisiki kikapinda kuelekea upande wa pili. Kadiri kemikali ilivyokuwa nyingi, ndivyo pembe ya kupinda ilivyoongezeka, mpaka kiwango fulani. Hapo ndipo auksini ilipopata kipimo: nyuzi za kupinda.

Sasa turudi kwenye swali lako. Kama mwanga unaiua auksini, ncha iliyopigwa na mwanga ingetoa auksini pungufu kuliko iliyokaa gizani. Winslow Briggs na wenzake walilipima jambo hilo mwaka 1957 kwa ncha za mahindi. Aga iliyokaa chini ya ncha ya gizani iliupinda mche wa majaribio takriban nyuzi 26. Iliyokaa chini ya ncha ya mwangani ilitoa karibu nyuzi 26 vilevile. Hakuna kilichopotea.

Wakaipasua ncha yote katikati kwa kipande chembamba cha kioo, mwanga ukija kutoka upande mmoja. Nusu mbili zikatoa auksini karibu sawa. Mwisho wakaacha sehemu ya juu kabisa ya ncha bila kupasuliwa, ili pawe na njia ya kuvukia. Nusu ya mwangani ikatoa kama nyuzi 8, ya kivulini kama 15. Kwa maneno mengine, auksini haikuuawa, ilihama kutoka upande wa mwanga kwenda upande wa kivuli, na kioo kikiziba njia, haihami. Kwangu mimi hilo ndilo jaribio zuri kuliko yote katika mlolongo huu, na nasikitika kwamba vitabu vingi huishia kwa Went.

Na ncha inajuaje mwanga uko upande gani?

Kwenye utando wa seli kuna protini iitwayo fototropini, ambayo hunyonya mwanga wa buluu. Mwanga ukipenya mche kutoka upande mmoja hufifia njiani, hivyo fototropini za upande ule huamka zaidi kuliko za upande wa pili. Tofauti hiyo hubadili kazi za protini nyingine ambazo husukuma auksini kutoka seli moja kwenda nyingine, na mkondo wake ukaelekea pembeni, kivulini.

Ndiyo maana taa nyekundu pekee haiupindi mche kwa njia hii, hata iwe kali. Weka mche wa nafaka kwenye boksi lenye tundu moja, uzibe tundu kwa plastiki nyekundu iliyokolea, na utabaki wima au karibu na wima. Badili uweke ya buluu, utapinda. Plastiki hafifu huvujisha rangi nyingine, kwa hiyo ukipata matokeo ya kuchanganya, shuku plastiki kwanza.

Auksini ikishafika kivulini, inafanya nini kwenye seli?

Inazilegeza kuta zake. Seli ya mmea ni kama tairi lililojaa upepo: ndani kuna maji yanayosukuma kwa nguvu, nje kuna ukuta wa nyuzi za selulosi unaozuia. Auksini huziamsha pampu za utando zinazotoa asidi na kuimwaga kwenye ukuta, ambako pH hushuka hadi kama 5 au chini kidogo. Katika asidi hiyo protini ziitwazo ekspansini huachanisha nyuzi zilizoshikamana, ukuta hukubali kuvutika, na maji huingia zaidi. Seli inarefuka.

Hapa kuna jambo la kuangalia kwa mwenye kutunza miche: bila maji ya kutosha hakuna msukumo wa ndani, na mche ulionyauka hautapinda hata auksini ikiwa imehama vizuri. Mwagilia kwanza, halafu uuhukumu.

Nilivika ncha za maharage vikofia vya foili kama alivyofanya Darwin. Yamepinda vilevile! Nimekosea wapi?

Umekosea mmea tu. Maharage na jamii zake zenye majani mawili ya mwanzo hayana ala, na shina lao changa lenyewe huhisi mwanga, si ncha peke yake. Ukifunika ncha, shina linaendelea kuona.

Rudia kwa mahindi au mtama. Otesha gizani mpaka ala ifike kama sentimita 2, vika baadhi kikofia cha foili cha milimita 5 hivi, mingine ifunike chini ukiacha ncha wazi, na mingine usiiguse. Weka miche yote kwenye boksi lenye tundu pembeni. Kwa kawaida matokeo huonekana ndani ya saa chache, maana auksini husafiri kuteremka kwa mwendo wa takriban sentimita 1 kwa saa. Angalia mapema, usingoje siku mbili. Jani la kwanza likishaichana ala na kuchomoza, ala huacha kukua na jaribio limekwisha. Na kofia iwe nyepesi. Foili iliyokunjwa mara nne huuinamisha mche kwa uzito, ukadhani umegundua kitu.

Nimesoma kwamba auksini imo hata kwenye mkojo wa binadamu. Ni hatari?

Imo kweli. Mwaka 1934 Fritz Kögl na wenzake huko Utrecht waliipata asidi ya indoli asetiki, ambayo ndiyo auksini kuu ya mimea, kwenye mkojo wa watu, wakiifuatilia kwa kipimo kilekile cha Went cha kupinda kwa mche. Chanzo kikubwa ni bakteria wa utumbo, ambao huitengeneza kutokana na triptofani, mojawapo ya asidi amino zilizo kwenye vyakula vya protini. Kwetu si homoni ya ukuaji, na figo nzima huitoa. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa hujilimbikiza kwenye damu pamoja na taka nyingine, lakini hilo ni tatizo la figo, halitokani na kugusa wala kula mimea.

Tahadhari iwekwe kwenye auksini za kiwandani. Kiuagugu cha 2,4-D ni mojawapo: huyafanya magugu ya majani mapana yakue kwa vurugu, shina likijisokota mpaka yafe, kwa sababu hayawezi kuivunja haraka kama yanavyoivunja auksini yao. Aina zake kadhaa huunguza macho vibaya. Ikikurukia jichoni, osha mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 ukiwa umefungua kope, toa lenzi kama umevaa baada ya dakika 5 za kwanza uendelee kuosha, kisha nenda hospitali na chupa au lebo yake mkononi.