Sufuria ing'aayo na bastola ya joto

"Nimeelekeza kipimajoto cha bastola kwenye ubavu wa sufuria ya maji yanayochemka, kikasoma 35. Ukutani kinasoma vizuri. Kimeharibika, au ile taa nyekundu inateleza kwenye chuma?"

Kifaa ni kizima, na taa nyekundu haina hatia: ni ya kulengea tu. Wengi huamini kwamba bastola hutuma mwale ukagusa kitu, kisha ukarudi na jibu. Wakati wa korona, zilipojaa kwenye milango ya maduka na benki, kuna walioogopa hata kuelekezewa kwenye paji la uso, wakisema mwale huo utaunguza ubongo. Kifaa kinapokea tu. Kama chako kina kitufe cha kuzima taa, izime upime tena. Namba itabaki ileile.

Kinachopokewa ni miale ya infraredi, kwa kawaida ile yenye urefu wa mawimbi wa mikromita 8 hadi 14, ambayo kila kitu huitoa kwa kadiri ya joto lake. Shida ni kwamba vitu viwili vyenye joto moja havitoi kiasi kimoja. Uwezo huo huitwa emisiviti, na kwenye skrini ya baadhi ya vifaa huandikwa ε. Ngozi, maji, ukuta uliopakwa rangi na masizi viko karibu na 0.95. Alumini iliyosuguliwa ikang'aa huweza kushuka hadi 0.1 au chini zaidi.

Chukulia uko katikati ya soko la Owino hapa Kampala, na mtu mmoja anakunong'oneza bei ya viatu. Sikio lako ni zima, lakini sauti nyingi zinazolifikia ni za wengine. Sufuria ing'aayo hunong'ona hivyohivyo. Metali haipitishi miale hii, kwa hiyo ikiwa emisiviti yake ni 0.1, inaakisi asilimia 90 ya miale inayoiangukia. Bastola haijui kutenganisha sauti hizo. Kiwandani iliambiwa kwamba kila inachokitazama kina 0.95, nayo inapiga hesabu kwa imani hiyo.

Tupige hesabu yako. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi 96, na ubavu wa sufuria unayakaribia. Jikoni tuseme kuna nyuzi 25. Sufuria inatoa sehemu moja tu kati ya kumi ya miale ambayo kitu cheusi chenye joto hilo kingetoa, na juu ya hiyo inaakisi tisa ya kumi ya miale inayotoka ukutani. Wastani wa haraka ungekupa nyuzi 32, ila miale huongezeka kwa kasi kuliko joto lenyewe, kwa hiyo jibu linapanda hadi karibu 35. Ndiyo hiyo namba yako.

Weka sigiri ya pili yenye makaa mekundu kando yake na namba inaweza kuruka juu, maji yakiwa yaleyale. Mabati mapya nayo, ukiyalenga yakiwa yanaakisi anga safi, yanaweza kusoma baridi kuliko hewa huku yakiunguza kiganja. Kosa huvutwa kuelekea joto la kile kinachoakisiwa.

Vifaa vingine vinakuruhusu kushusha ε hadi 0.1. Sishauri. Mkwaruzo, kutu nyeupe au mafuta hubadilisha emisiviti ya alumini, na ukiweka 0.1 ilhali ni 0.15, sufuria ya nyuzi 96 itasomeka zaidi ya 120.

Afadhali ulenge sehemu ya sufuria iliyoshika masizi, ambayo itakupa namba karibu na ukweli. Kwa chuma kisichozidi nyuzi 80 hivi, bandika tepu nyeusi ya fundi umeme, isubiri ipate joto la chuma, kisha upime juu yake. Sogea hadi sentimita 15 hivi: kifaa kilichoandikwa 12:1 hutazama duara la sentimita 5 ukiwa umbali wa sentimita 60, na tepu ni nyembamba kuliko hapo.

Kioo kinakosewa kwa namna nyingine. Emisiviti yake ni nzuri, takriban 0.9, ila miale hii haipenyi ndani yake. Ukilenga soda kupitia mlango wa kioo wa friji, unapima mlango. Kinyume chake, kaveera nyeusi nyembamba ya plastiki, ambayo jicho halioni kitu nyuma yake, hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyohiyo. Inyooshe mbele ya kiganja chako na bastola bado itaona joto la mkono.